Riba ya Asilimia Mbili Inapoizidi ya Asilimia Tatu

Tuchukue mfano wa mama anayeuza nafaka sokoni, mwenye makaratasi mawili mkononi. Yote mawili yanampa mkopo wa shilingi 1,200,000 wa kulipwa kwa miezi 12. La kwanza limetoka kwa kampuni ya mikopo, na afisa aliyemkabidhi alimwambia kwa kujiamini: "Mama, kwetu riba ni asilimia mbili tu kwa mwezi." La pili limetoka kwenye chama cha ushirika wa akiba na mikopo, na limeandikwa asilimia tatu kwa mwezi. Mbili ni ndogo kuliko tatu, kwa hiyo mkono unaelekea kwenye karatasi la kwanza.

Akilisaini, atalipa zaidi ya shilingi 89,000 ambazo asingelipa kule kwenye asilimia tatu. Hakuna aliyemdanganya kwa tarakimu, maana kila kilichoandikwa kwenye makaratasi hayo ni kweli. Tatizo ni kwamba asilimia hizo mbili hazipimi kitu kimoja, na ada zinazokatwa pembeni hazimo kabisa ndani ya asilimia iliyotangazwa. Ili kuzilinganisha inabidi kila mkopo ugeuzwe kuwa namba moja: gharama yake halisi kwa mwaka, riba na ada zikiwa pamoja. Namba hiyo mtu hawezi kuipata kichwani, lakini lahajedwali lolote, liwe la kwenye kompyuta au kwenye simu, linaitoa kwa fomula moja fupi.

Kilichomo ndani ya karatasi la kwanza

Kampuni inatoza asilimia 2 kwa mwezi, lakini inaitoza juu ya mkopo wote ulioanza nao, mwezi wa kwanza hadi wa kumi na mbili. Asilimia 2 ya shilingi 1,200,000 ni 24,000. Zidisha kwa miezi 12, riba yote inakuwa 288,000. Jumlisha na mkopo wenyewe, unapata 1,488,000. Gawanya kwa 12, na rejesho la kila mwezi ni shilingi 124,000. Kwa hesabu ya tangazo, hiyo ni asilimia 24 kwa mwaka.

Ila huyu mama hakai na shilingi 1,200,000 kwa mwaka mzima. Kila rejesho la 124,000 lina shilingi 100,000 za kupunguza mkopo. Mwezi wa pili anadaiwa 1,100,000, mwezi wa saba anadaiwa 600,000, na mwezi wa mwisho zimebaki 100,000 tu. Bado anatozwa shilingi 24,000 zilezile, na mwezi ule wa mwisho anazilipa kwa ajili ya deni la laki moja. Ukichukua wastani wa deni lake kwa miezi yote 12 unapata shilingi 650,000. Riba ya 288,000 juu ya wastani huo tayari imevuka asilimia 40, na hapo hatujagusa ada hata moja.

Ada zenyewe ziko tatu. Ada ya kushughulikia mkopo ni asilimia 2, yaani shilingi 24,000. Bima ya mkopo ni asilimia 1, yaani 12,000. Fomu na mhuri ni 12,000 nyingine. Jumla ni shilingi 48,000, na zote zinakatwa kabla pesa haijaingia kwenye simu yake. Kinachomfikia ni 1,152,000, ilhali riba yake imepigwa kwa 1,200,000. Kwa maneno mengine, analipa riba hata kwa pesa ambayo haijawahi kumfikia.

Chama cha ushirika kinafanya tofauti. Asilimia 3 inatozwa juu ya deni lililobaki, na kadiri deni linavyoshuka, riba nayo inashuka. Hakuna ada ya kukatwa. Rejesho linatoka sawasawa kila mwezi, shilingi 120,554.

Kwa mikopo hii miwili mtu angeweza kusema hakuna haja ya kompyuta: linganisha marejesho, chukua dogo. Na kweli, pesa ikiwa ileile na miezi ileile, kujumlisha kunatosha. Lakini sokoni mikopo haiji imelingana hivyo. Mmoja atakupa milioni moja kwa miezi 18, mwingine laki nane kwa miezi 10, wa tatu atataka marejesho ya kila wiki. Jumla za mikopo hiyo hazilinganishiki, kwa sababu pesa inakaa mikononi mwako kwa muda tofauti. Hapo ndipo namba moja ya mwaka inapohitajika.

Mistari minane

Fungua lahajedwali tupu. Liwe Excel, Google Sheets au LibreOffice Calc, fomula ni ileile. Kwenye safu ya A andika majina ya vitu kwa lugha yako: mkopo, makato, pesa mkononi, idadi ya marejesho, rejesho, riba ya mwezi, riba ya mwaka kwa kuzidisha, gharama halisi ya mwaka. Kwenye safu ya B, kuanzia kisanduku cha kwanza hadi cha nane, andika hivi:

```
1200000
48000
=B1-B2
12
124000
=RATE(B4,-B5,B3)
=B6*12
=(1+B6)^12-1
```

Kiini cha kazi yote kiko kwenye mstari wa sita. RATE inaulizwa hivi: mtu amepokea pesa hizi leo, na atalipa rejesho hili mara 12, ni riba gani ya mwezi, ikitozwa juu ya deni lililobaki tu, ambayo ingemaliza deni hilo bila kubakiza senti? Ndani ya mabano unaanza na idadi ya marejesho, unafuata na rejesho lenyewe, unamalizia na pesa uliyopokea.

Alama ya kutoa mbele ya B5 ina kazi yake, usiiache. Lahajedwali linataka kujua pesa inaelekea wapi. Inayoingia mfukoni mwako ni chanya, na inayotoka ni hasi. Ukiziandika zote chanya, unaiambia mashine kwamba umepokea mkopo kisha ukaendelea kupokea marejesho. Riba ya namna hiyo haipo duniani, na Excel itakujibu `#NUM!`. Ukiuona ujumbe huo, alama ndiyo ya kuangaliwa kwanza.

Kwa msomaji wa Kongo au Burundi ambaye Excel yake iko kwa Kifaransa, fomula hii inaitwa TAUX, na mara nyingi kinachotenganisha vitu ndani ya mabano ni nukta mkato badala ya mkato:

```
=TAUX(B4;-B5;B3)
```

Majibu ya mkopo wa kwanza ni haya. B6 inatoa asilimia 4.18 kwa mwezi. B7 inatoa asilimia 50.1 kwa mwaka. B8 inatoa asilimia 63.4. Tangazo lilisema mbili kwa mwezi, ishirini na nne kwa mwaka.

Sasa futa makato, andika sifuri kwenye B2, na kwenye B5 weka 120554, rejesho la chama cha ushirika. B6 inarudi asilimia 3 kamili, kama walivyosema. B7 ni 36, na B8 ni 42.6. Mkopo wa asilimia tatu ndio wa bei nafuu, tena kwa mbali.

Jihadhari na jambo moja dogo kwenye kioo. Excel hupenda kuonyesha jibu la RATE bila desimali, kwa hiyo utaona 4% tu. Ukiichukua hiyo nne na kuizidisha kichwani kwa 12 utapata 48, na utakuwa umepoteza pointi mbili nzima. Ongeza desimali mbili kwenye kisanduku hicho kabla ya kusoma, na kuzidisha iachie mashine.

Kwa nini namba za mwaka ni mbili

B7 na B8 zinatokana na riba ileile ya mwezi, lakini moja inasema 50 na nyingine 63. Zote ni sahihi, ila kila moja inajibu swali lake.

B7 inazidisha tu riba ya mwezi kwa 12. Ndiyo njia iliyoshika mizizi Marekani tangu sheria yao ya ukweli katika ukopeshaji ya mwaka 1968, inayomlazimu mkopeshaji kutangaza riba pamoja na ada kwa namba moja ya mwaka. B8 inakwenda hatua moja zaidi: inahesabu kwamba riba unayolipa mwezi huu ni pesa ambayo ingeweza kuzaa nyingine miezi inayofuata. Hiyo ndiyo njia ya Umoja wa Ulaya katika agizo lake la mikopo ya wateja la mwaka 2008. Deni la shilingi 100 likikua kwa asilimia 4.18 kila mwezi bila kulipwa, mwisho wa mwaka linakuwa 163 na senti kadhaa. Ndiyo hiyo 63.4.

Unaweza kutumia yoyote kati ya hizo, mradi ulinganishe za aina moja. Anayekutajia B7 ya mkopo wake huku akikuonyesha B8 ya mkopo wa mwenzake anakuchezea. Na anayekutajia namba ya mwaka, muulize swali moja: ada zimo ndani? Zisipokuwamo, namba hiyo haijafika hata kwenye B7.

Nini kiingie kwenye makato

Usahihi wa jibu unategemea B3, pesa mkononi. Kanuni ni nyepesi: kila shilingi unayolazimika kuitoa ili upate mkopo huo, ambayo usingeitoa kama usingekopa, ni makato. Ada ya kushughulikia, bima ya lazima, fomu, mhuri, mwanasheria, mthamini wa nyumba unayoiweka dhamana, vyote vinaingia. Haijalishi kama vimekatwa ndani ya mkopo au umevilipa taslimu siku moja kabla. Mtu aliyelipa 48,000 kaunta kisha akapokea 1,200,000 kamili amebaki na 1,152,000 vilevile.

Wakati mwingine mkopeshaji hakati kitu, bali anaongeza ada juu ya mkopo na kuzigawa kwenye marejesho. Hapo pesa mkononi ni 1,200,000 kamili, lakini rejesho limekua, na B5 ndiyo itakayobeba ukweli. Kama kila rejesho unalituma kwa simu na unatozwa gharama ya kutuma, iongeze kwenye B5 pia. Ni ndogo, ila unailipa mara 12.

Faini ya kuchelewa usiiweke. Unapima bei ya mkopo unaolipwa kwa wakati, na faini ni bei ya jambo jingine. Bima uliyoichagua mwenyewe, na ambayo ungeikata hata bila kukopa, nayo ibaki nje.

Akiba inayoshikiliwa, na kulipa mapema

RATE ina nafasi ya nne ndani ya mabano ambayo wengi hawaigusi. Ni ya pesa inayopita mara moja mwishoni, baada ya rejesho la mwisho. Nafasi hiyo inafichua mambo mawili ambayo wakopaji wa vikundi wanayafahamu vizuri.

La kwanza ni akiba ya lazima. Tuseme kampuni ileile inasema: utaacha asilimia 10 ya mkopo kwetu kama dhamana, na ukimaliza kulipa tutakurudishia yote. Inasikika kama jambo la haki, maana pesa ni yako na itarudi. Lakini shilingi 120,000 hizo hukai nazo mwaka mzima, na riba yake unailipa. Pesa mkononi sasa ni 1,032,000, rejesho ni lilelile, na mwishoni zinarudi 120,000:

```
=RATE(12,-124000,1032000,120000)
```

Jibu ni asilimia 5 kwa mwezi. Kwa kuzidisha ni 60 kwa mwaka, na kwa njia ya B8 ni karibu asilimia 80. Sharti lisiloitwa ada wala riba limeongeza pointi 16 kwenye gharama ya mwaka. Akiba hiyo ikizaa faida kidogo, iongeze kwenye 120,000 za mwisho, na utaona jinsi inavyosogeza jibu.

La pili ni kulipa mapema. Mama wetu amepata msimu mzuri, na mwezi wa sita anataka kufunga deni. Akifika ofisini anaambiwa: "Karibu mama, lakini riba ya mwaka mzima ilishapangwa, utalipa yote." Marejesho sita yaliyobaki ni 744,000, na anayatoa siku hiyohiyo pamoja na rejesho la mwezi wa sita. Sasa mkopo ni wa miezi sita, na pesa ya mwisho inatoka, kwa hiyo ni hasi:

```
=RATE(6,-124000,1152000,-744000)
```

Riba ya mwezi inapanda hadi karibu asilimia 5.6, na kwa njia ya B8 gharama ya mwaka inafika karibu asilimia 93. Ametoa pesa ileile, ila amekaa na mkopo nusu ya muda. Angelipa kwa ratiba angebaki kwenye 63. Kinyume chake, mkopeshaji akikubali kufuta riba ya miezi iliyobaki na kupokea 600,000 tu za mtaji, weka `-600000` mahali pa `-744000`, na riba ya mwezi inashuka hadi asilimia 3.4. Kifungu kimoja cha mkataba, kile kinachosema nini kinatokea ukilipa mapema, kina uzito kuliko ada zote tatu kwa pamoja. Kisome kabla ya kusaini, na usipokiona kiulize na uombe kiandikwe.

Marejesho yasipolingana

RATE inafanya kazi pale tu marejesho yanapokuwa sawa na yanapopishana kwa muda ulio sawa. Mkopo wa mkulima mara nyingi hauko hivyo: miezi minne ya mwanzo halipi kitu, kisha baada ya mavuno analipa mafungu makubwa. Hapo tumia fomula ya IRR. Orodhesha mwendo wa pesa kwenye safu moja, mwezi mmoja mstari mmoja. Mstari wa kwanza ni pesa uliyopokea, ikiwa chanya, na inayofuata ni marejesho, yakiwa hasi. Ukiweka pesa iliyopokelewa kwenye D1 na marejesho 12 chini yake, fomula ni hii:

```
=IRR(D1:D13)
```

Ukiijaribu kwa mkopo wetu wa kwanza, 1152000 juu na -124000 mara kumi na mbili, italeta asilimia 4.18 ileile. Hiyo ni njia nzuri ya kujihakikishia kwamba umezishika zote mbili.

Hapa kuna mtego ambao hautoi onyo lolote. Mwezi usio na rejesho lazima uandikwe 0. Ukiuacha mtupu, IRR inauruka kana kwamba haukuwahi kuwapo, marejesho yanasogea karibu na siku ya mkopo, na riba inatoka kubwa kuliko ilivyo. Hakuna `#NUM!` wala rangi nyekundu. Njia ya kugundua ni kuhesabu mistari yenye namba: mkopo wa miezi 12 lazima uwe nayo 13.

Mtego mwingine uko kwenye mikopo ya kila wiki, ile ambayo mitaani inaitwa kausha damu. Chukua mkopo wa 500,000 unaokatwa ada ya 20,000, wenye rejesho la 50,000 kwa wiki 12. RATE ya 12, -50000 na 480000 inatoa asilimia 3.6, na macho yanaisoma kama riba ya mwezi. Siyo. RATE hurudisha riba ya kipindi cha rejesho, na kipindi hapa ni wiki. Mwaka una wiki 52, kwa hiyo kuzidisha ni kwa 52, na jibu ni karibu asilimia 188. Aliyezidisha kwa 12 angeona 43 na kudhani amepata mkopo nafuu. Kwenye mistari yetu minane, B7 na B8 zote zina 12 ndani yake. Kwa mkopo wa wiki, mahali pote pawili weka 52.

Kujua kama jibu ni sahihi

Kuna vipimo viwili vya haraka. Cha kwanza ni cha akili ya kawaida: mkopo wenye ada hauwezi kuwa na gharama halisi iliyo chini ya riba iliyotangazwa. B6 ikitoka ndogo kuliko asilimia ya mwezi iliyo kwenye karatasi, kuna namba umeikosea, na mara nyingi ni kwamba umekosea rejesho.

Cha pili ni kufuata deni kwa mkono. Anza na 1,152,000. Riba ya mwezi wa kwanza kwa asilimia 4.175 ni takriban 48,100. Ongeza, kisha toa rejesho la 124,000, linabaki 1,076,100. Mwezi wa pili fanya hivyohivyo juu ya 1,076,100. Kwenye lahajedwali ni kuandika mstari mmoja na kuuvuta chini. Kama riba uliyoipata ni ya kweli, baada ya mstari wa kumi na mbili deni linafika sifuri. Ukitumia B6 yenyewe badala ya namba uliyoifupisha, litafika sifuri kabisa.

Jedwali hilo lina faida nyingine. Linamwonyesha mkopaji kwamba mwezi wa kwanza peke yake, kati ya shilingi 124,000 alizotoa, zaidi ya theluthi imekwenda kwa mkopeshaji na haikupunguza deni. Karatasi la kampuni linasema riba ya mwezi huo ilikuwa 24,000.

Mahali namba ya mwaka inapochosha

Kwa mikopo mifupi sana, gharama ya mwaka inatoka kubwa kiasi cha kutisha, na ni vema kujua inasema nini. M-Shwari ilipoanza Kenya mwaka 2012, mkopo wa siku 30 ulikuwa na ada ya asilimia 7.5. Aliyechukua shilingi 1,000 za Kenya alirudisha 1,075. Ukiipandisha kwa njia ya B8 kwa siku 365 unapata asilimia 141. Mtu aliyekopa mara moja kumpeleka mtoto hospitali hakulipa asilimia 141 ya kitu chochote. Alilipa shilingi 75, na huenda zilikuwa na thamani yake.

Lakini aliyekopa elfu moja hiyohiyo kila mwezi, akilipa leo na kukopa tena kesho, mwisho wa mwaka amelipa shilingi 900 ili awe na shilingi 1,000 mfukoni. Kwake yeye namba ya mwaka inaeleza maisha yake ilivyo. Kwa hiyo swali la kujiuliza mbele ya mkopo wa siku 30 ni kama utauhitaji tena mwezi ujao. Jibu likiwa ndiyo, utumie namba ya mwaka na uulinganishe na mkopo wa mwaka mzima. Likiwa hapana, tazama shilingi.

Fomula hizi pia hazijui biashara yako. Asilimia 63 inaweza kulipika kwa anayenunua mahindi wakati wa mavuno na kuyauza bei ikipanda, na inaweza kummaliza anayekopa kulipa kodi ya nyumba. Wala hazijui kama chama cha ushirika kitakupa pesa wiki hii au baada ya miezi miwili. Zinachofanya ni kuweka bei mezani, bei ya kweli, ili kama utachagua mkopo wa ghali kwa sababu unapatikana leo, ujue unalipa kiasi gani kwa hiyo leo.

Ili kuipata bei hiyo huhitaji kuelewana na afisa mikopo kuhusu aina ya riba wala majina ya ada. Mwombe vitu vitatu kwa maandishi: ni pesa ngapi hasa zitaingia mkononi mwangu, nitalipa kiasi gani kila kipindi, na mara ngapi. Hizo ni B3, B5 na B4. Asilimia aliyoitangaza haimo kwenye orodha hiyo, kwa sababu RATE haiihitaji. Itaitafuta yenyewe.